Safu Mbili Kwenye Bao la Benki: Pengo la Kununua na Kuuza Dola Linatugharimu Kiasi Gani
(Hotuba kwa vikundi vya kubangua korosho na wafanyabiashara wa mpakani, Mtwara)

Waheshimiwa viongozi wa ushirika, akina mama wa vikundi vya kubangua, ndugu zangu wafanyabiashara mnaovuka Kilambo kwenda Msumbiji, wazee wetu mliotoka Mikindani na Nanyamba, Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe.

Mmeniita kwa kuwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kukaa upande wa pili wa dirisha la fedha za kigeni. Swali mlilonitumia ni moja, na ni swali zuri: kwa nini benki inaandika bei mbili za dola ileile, siku ileile, na sisi tunapoteza nini hapo katikati? Nitalijibu kwa hesabu, kwa sababu bila hesabu swali hili huishia kwenye manung'uniko. Bei nitakazotaja ni za mfano tu, nimezichagua ili hesabu ifuatike. Msiende nazo benki kesho asubuhi.

Tuanze na kulisoma bao. Kuna safu ya kununua na safu ya kuuza, na wengi hujikwaa hapo hapo mwanzoni. Maneno hayo yameandikwa kwa upande wa benki. "Kununua" maana yake benki inanunua dola kutoka kwako, yaani wewe unauza. "Kuuza" maana yake benki inakuuzia. Ukishika hilo huhitaji kukariri zaidi: bei itakayotumika kwako siku zote ni ile iliyo mbaya kwako kati ya hizo mbili. Mwenye dola mkononi hupewa ndogo, mwenye kutaka dola hutozwa kubwa.

Tuseme bao la noti leo linasomeka hivi: kununua 2,450, kuuza 2,570. Pengo ni shilingi 120. Hapo ndipo mtu hutoka benki akisema, "Wamenikata shilingi mia na ishirini kwa kila dola." Hapana, mzee wangu. Kama umekwenda mara moja tu, kuuza dola alizokutumia mwanao, hukukatwa 120. Bei ya kuuza haikukuhusu, kwa sababu wewe usingeweza kuuza dola zako kwa 2,570. Hiyo ni bei ambayo benki inamuuzia mwingine. Kipimo cha haki ni bei ya katikati, yaani jumlisha hizo mbili ugawe kwa mbili. Hapa ni 2,510. Hiyo ndiyo iliyo karibu na bei ambayo mabenki yenyewe yanauziana kwa mafungu makubwa, katika soko la fedha za kigeni baina ya mabenki ambalo nchi yetu imekuwa nalo tangu 1994. Wewe umepewa 2,450. Umeachia shilingi 60 kwa dola, ambayo ni nusu ya pengo. Nusu ya pili analipa yule anayekuja mchana kununua dola kwa 2,570.

Shilingi 60 juu ya 2,510 ni kama asilimia 2.4. Hiyo ndiyo gharama ya kubadilisha mara moja. Anayelipa pengo zima ni yule anayebadilisha kwenda na kurudi: leo anauza dola, wiki ijayo anazitafuta tena. Yule anakatwa nusu hii na nusu ile, 120 kamili, karibu asilimia 4.8, hata kama dola haikupanda wala kushuka hata senti moja katikati.

Naomba mlishike hilo la mwisho, kwa sababu watu wa huku kwetu tunachanganya mambo mawili. Mwaka 2024, msimu wa korosho ulipoanza, Oktoba dola ilikuwa juu ya shilingi 2,700. Ilipofika Desemba ilikuwa chini ya 2,500. Mtu aliyekuwa ameshika dola kipindi chote hicho alipata hasara kubwa, lakini ile haikuwa hasara ya pengo. Safu zote mbili ziliteremka pamoja. Bei ikipanda au kushuka ni jambo la soko, na linaweza kukupa faida au hasara. Pengo halijawahi kumpa mteja faida. Lipo soko likitulia na lipo likichafuka.

Na habari hiyohiyo ya 2024 inatuonyesha sababu mojawapo ya pengo kuwepo. Mchukueni mchuuzi wa samaki pale feri: hanunui kwa mvuvi kwa bei atakayouzia mtaani, kwa kuwa samaki asipotoka leo hasara ni yake. Benki inayonunua dola zako asubuhi haina uhakika itaziuza lini. Ikizinunua kwa 2,700 na kabla haijazitoa soko likashuka hadi 2,640, shilingi 60 zimekwenda. Benki Kuu huweka ukomo wa kiasi cha dola ambazo benki inaweza kukaa nazo bila kuziuza, kwa hiyo haiwezi kujazana dola ikasubiri bei irudi. Siku ambazo bei inarukaruka, mtaona pengo linapanuka. Kwa siku hizo ni lazima, na mimi siwalaumu.

Sababu ya pili ni noti zenyewe, na hapa ndipo nataka tukae kidogo. Noti ya dola iliyoko kwenye kasha la benki Mtwara haizai kitu. Haikopesheki kama shilingi, hairudishwi kwenye mzunguko wa soko letu, na ikizidi inabidi ihesabiwe, ikaguliwe kama si bandia, ifungwe, ikatiwe bima, isafirishwe Dar es Salaam na pengine nje ya nchi. Ikipungua, safari ni hiyohiyo kinyume chake. Gharama hizo zote huwekwa ndani ya pengo. Dola iliyoingia kwenye akaunti kwa njia ya kielektroniki haina kasha wala bima wala gari. Kwa hiyo mabenki mengi yana bei mbili za kununua na mbili za kuuza: zile za noti, na zile za fedha zinazohamishwa, ambazo kwenye bao huandikwa TT. Kwa mfano wetu, tuseme TT ni kununua 2,475 na kuuza 2,545. Pengo limeshuka kutoka 120 hadi 70, na bei ya katikati imebaki palepale, 2,510.

Sasa tazameni linalotokea. Kikundi kinapokea malipo yake kwa njia ya benki, halafu mweka hazina anauliza "reti ya leo" dirishani, na keshia anamsomea bao lililo ukutani, la noti. Wakikubaliana hapo, kikundi kimeuza fedha za akaunti kwa bei ya noti na kuachia shilingi 25 kwa kila dola bila sababu. Ukienda kuuliza, taja kabisa: fedha zangu zimeingia kwa TT, naomba bei ya TT.

Hata kwenye noti kuna noti na noti. Noti za dola 100 na 50 mpyampya hupata bei ya bao. Noti za 20, 10, 5 na 1, sehemu nyingi hupewa bei ya chini zaidi, na noti ya zamani, iliyochanika pembeni au iliyogongwa mhuri inaweza kukataliwa kabisa. Ndugu anayekutumia dola kwa mkono wa msafiri, mwambie asikusanye noti ndogondogo. Ni dola zilezile, lakini pengo lake ni jingine.

Nije kwenu mnaovuka mto. Mama mmoja wa Kilambo ameniambia kabla hatujaingia ukumbini, "Mimi sihangaiki na dola, nabadilisha meticali, tofauti yake ni shilingi kumi tu." Mama, nakuomba radhi kwa kuitumia kauli yako, lakini itatufaa sote. Tuseme meticali moja inanunuliwa kwa shilingi 34 na kuuzwa kwa 44. Tofauti ni kumi, kweli, na ya dola ilikuwa 120. Lakini pengo halipimwi kwa shilingi, linapimwa kwa bei ya katikati. Katikati ya 34 na 44 ni 39. Kumi juu ya 39 ni zaidi ya asilimia 25. Ukinunua meticali 5,000 unatoa shilingi 220,000. Safari ikiahirishwa ukazirudisha kesho yake, unapewa 170,000. Elfu hamsini imekwenda bila kununua hata kilo moja ya bidhaa. Kwa dola, kwenda na kurudi na kiasi kinacholingana na hicho kungekugharimu kama elfu kumi.

Kwa nini meticali iwe ghali hivyo? Kwa sababu wanaoitaka ni wachache na soko lake ni la mpakani tu. Benki ikinunua meticali zako haijui nani atazichukua, na mabenki yetu hayauziani meticali kila saa kama yanavyouziana dola. Bei yenyewe hutafutwa kwa kupitia dola: meticali kwa dola, dola kwa shilingi, na kila hatua ina pengo lake. Ndiyo maana mwenye mzigo mkubwa wakati mwingine hupata nafuu kwa kulipana kupitia benki badala ya kubeba meticali mfukoni, na ndiyo maana meticali zinazobaki baada ya safari ni afadhali zikusubiri safari ijayo kama ipo karibu, badala ya kuzigeuza shilingi kila unaporudi.

Sasa niwafanyie hesabu moja kuanzia mwanzo hadi mwisho, ya kikundi. Tuseme kikundi cha kubangua kimeuza korosho karanga nje na dola 8,000 zimeingia benki. Miezi miwili ijayo kitahitaji dola 3,000 kuagiza mashine ya kufungashia kutoka India. Zilizobaki ni za kununulia korosho ghafi, kulipa wabanguaji na umeme, yote kwa shilingi.

Njia ya kwanza ndiyo ya kawaida. Akaunti ya kikundi ni ya shilingi tu, kwa hiyo fedha zikiingia zinageuzwa zenyewe kwa bei ya bao, TT 2,475. Kikundi kinapata shilingi 19,800,000. Miezi miwili baadaye, tufanye bao halijabadilika, wananunua dola 3,000 kwa 2,545, wanatoa 7,635,000. Mkononi zinabaki 12,165,000 na mashine imelipiwa.

Njia ya pili: kikundi kina akaunti ya dola. Fedha zinaingia zikiwa dola na kukaa dola. Dola 3,000 haziguswi. Kwa dola 5,000 zilizobaki, mweka hazina haendi dirishani. Anampigia ofisa wa tawi na kumwambia, "Nina dola elfu tano za TT, nataka kuuza leo, nipatieni bei kutoka dawati la fedha za kigeni makao makuu." Bei ya bao ni ya yeyote anayeingia mlangoni. Fedha ikiwa na uzito, tawi lina njia ya kuomba bei maalumu, na wafanyabiashara wakubwa hufanya hivyo kila siku. Tuseme wamepewa 2,490. Wanapata 12,450,000, na mashine italipiwa na zile 3,000 zilizokaa.

Toa moja kwenye nyingine: tofauti ni shilingi 285,000. Imetoka wapi? Shilingi 210,000 ni pengo zima la dola 3,000, kwenda na kurudi, 70 mara 3,000. Zile 75,000 ni shilingi 15 za mazungumzo mara dola 5,000. Hata njia ya pili haikuwa bure: kikundi kimeachia shilingi 20 kwa dola chini ya bei ya katikati, laki moja. Hiyo ni gharama ya huduma, na ni lazima ilipwe. Lakini njia ya kwanza iligharimu 385,000 kwa kazi ileile, na hakuna karatasi yoyote ya benki itakayoandika namba hiyo. Kwenye taarifa ya akaunti mtaona ada ya muamala, labda elfu kadhaa, mkadhani hiyo ndiyo gharama. Pengo haliandikwi kama makato. Limo ndani ya bei.

Ndiyo maana naogopa sana neno "bila makato". Mwanao aliye nje anataka kukutumia dola 300. Kampuni moja inasema haitozi ada, na bei yake ni 2,430: unapata 729,000. Nyingine inatoza dola 4, bei yake ni 2,490: dola 296 zinakuwa 737,040. Iliyotoza ada ndiyo iliyokupa zaidi. Swali la kumuuliza anayetuma ni moja: ukitoa dola 300 zote pamoja na ada, Mtwara zitafika shilingi ngapi? Jibu la swali hilo limeshameza ada na pengo vyote viwili.

Mnajuaje kama bei mliyopewa iko mbali na katikati? Benki Kuu ya Tanzania hutoa kila siku ya kazi, kwenye tovuti yake bot.go.tz, jedwali la fedha za kigeni lenye bei ya kununua, ya kuuza na ya wastani. Angalieni wastani. Ile siyo bei ambayo benki inalazimika kukupa, na pengo la kwenye jedwali lile ni jembamba kuliko la dirishani. Kazi yake kwenu ni kuwa rula. Toa bei uliyopewa kwenye wastani, gawanya kwa wastani, umepata asilimia yako. Kwa TT ya dola, mimi nikiona imepita asilimia 2 kwa upande mmoja, na soko limetulia, ningepiga simu benki nyingine kabla ya kusaini. Hilo ni jicho langu la kazi, si sheria.

Jambo moja la kutazama ni fedha zinazopungua njiani. Ankara ilikuwa dola 8,000, zimefika 7,975. Hilo si pengo. Ni ada ya benki ya kati iliyopitishia fedha, na tiba yake ni kukubaliana na mnunuzi mapema nani atabeba ada hizo. Nimeona watu wakigombana na tawi la hapa kwa dola 25 ambazo tawi halikuzigusa, huku wakinyamaza kwa laki mbili zilizopotea kwenye bei.

Wapo watakaouliza kama akaunti ya dola inaruhusiwa baada ya kanuni za 2025. Inaruhusiwa. Kilichokatazwa tangu Machi 28, 2025 ni kutangaza au kudai bei ya bidhaa na huduma za ndani ya nchi kwa fedha za kigeni. Kwa mpangaji aliyekuwa akidaiwa kodi ya fremu kwa dola hiyo ilikuwa nafuu, kwa sababu kila mwezi alikuwa anaingia benki upande wa bei kubwa na kulipa nusu ya pengo ili tu atimize mkataba wa nyumba iliyoko hapahapa Tanzania.

Lakini akaunti ya dola si ya kila mtu, na sitaki mtoke hapa mkijipanga foleni kuifungua. Ina gharama zake. Tuseme inatoza dola 3 kwa mwezi, dola 36 kwa mwaka, ambazo kwa bei ya katikati ni shilingi 90,360. Pengo la TT kwenye mfano wetu ni 70 kwa dola. Gawanya: ni takriban dola 1,290. Kikundi ambacho kwa mwaka mzima kinarudi kununua dola chini ya kiasi hicho, akaunti itakila zaidi ya ilivyokiokolea. Na kikundi ambacho hakinunui dola kabisa, kinachouza tu na kutumia shilingi, hakina safari ya kurudi ya kuiokoa. Kwa hao, mapato yote yapo kwenye ile simu ya kuomba bei maalumu na kwenye kutaja TT dirishani. Maswali sasa, tuanze na akina mama wa Nanyamba.